Tupeane uzoefu: chakula cha mchana cha kuliwa baridi, ofisini hakuna maikrowevu

Karani wa Posta

Wakuu, habari za kazi. Ofisi ipo Dar katikati ya mji, haina maikrowevu wala friji. Nyumbani friji ipo. Kutoka ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kula ni saa sita mchana, kwa hiyo chakula kinakaa saa sita na nusu kwenye daladala na chini ya meza. Mama ntilie mniachie, hesabu ya mwezi imekataa. Wanaobeba chakula cha kuliwa kikiwa baridi, tupeane uzoefu: mnapika nini, na mnafanyaje kisichache?

Bint Pangani

Kosa la wengi ni kuchukua chakula cha moto kisha kukisubiri kipoe. Chagua kile ambacho ubaridi haukiharibii ladha. Mchuzi wa nazi ukipoa tui linaganda madonge. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta inapaka kaakaa kama mshumaa. Wali unakauka, punje zinakuwa ngumu. Kunde, choroko, mbaazi na dengu ndizo zinazovumilia, mradi uungie mafuta ya alizeti, maana hayo hayagandi kwenye friji.

Hii ya choroko inatosha siku mbili za mtu mmoja. Chambua kikombe kimoja cha choroko kavu, osha, chemsha na vikombe vitatu vya maji. Usitie ndimu wala nyanya humo, uchachu unazifanya zichelewe kuiva. Anza kuonja baada ya dakika 20. Punje iwe laini hadi katikati lakini isipasuke. Ikipasuka kesho utakula uji. Chuja maji yote.

Zikiwa bado za moto, changanya na vijiko vitatu vya mezani vya mafuta, maji ya ndimu mbili, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa. Zikiwa moto zinafyonza; zikishapoa, viungo vinabaki vinateleza juu juu. Onja tena kesho yake zikiwa baridi, karibu kila mara zitataka chumvi kidogo zaidi, kwa sababu ubaridi unafifisha ladha.

Kitunguu kikate chembamba, kiloweke kwenye ndimu na chumvi dakika kumi ukali upungue, ndipo uchanganye. Karoti na pilipili hoho pia zinaingia usiku huo huo. Tango na nyanya hapana, chumvi inazitoa maji na asubuhi unakuta supu. Hizo beba nzima ukatie ofisini, au zikate uziweke kwenye kikopo chake.

Kaka Mbagala

Mnajitesa bure. Wali wa jana, unaukaanga asubuhi na kitunguu na karoti, unakamulia ndimu, unafunika kwenye kopo ukiwa wa moto kabisa. Moto umeua wadudu, ndimu inazuia wengine. Saa sita unanusa, ukiwa hauna harufu unakula. Kukaanga kweli kunapunguza ule ugumu wa punje, hilo nawahakikishia.

Afisa Afya Mstaafu

Kaka Mbagala, la punje uko sawa, mafuta yanasaidia. Mengine tuyatenganishe.

Mchele una vimelea ambavyo mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaliana na kuacha sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga tena. Ndiyo maana wali uliolala kwenye sufuria jikoni hauokolewi na moto wa asubuhi, na kwa harufu hautaujua. Harufu inakuambia chakula kimechacha, haikuambii kwamba kile ambacho hakijachacha ni salama.

Kufunika ukiwa moto ni kubaya zaidi. Hatari iko kati ya nyuzi 5 na 60. Kopo la plastiki haliwezi kuushikilia wali juu ya 60, na likifunikwa haliuachi upoe haraka, kwa hiyo linauweka katikati asubuhi nzima. Kanuni tunayofundisha ni saa mbili nje ya friji, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Wewe unazungumzia zaidi ya sita.

Ndimu si uongo mtupu. Wajapani hutia siki kwenye wali wa sushi, na uchachu huo kweli unawazuia vimelea. Lakini unatiwa kwa kipimo, unachanganywa ufike kila punje, na mahoteli makini hupima uchachu kwa kifaa. Ndimu moja iliyokamuliwa juu juu haifiki huko.

Kaka Mbagala

Sawa mzee, lakini bibi zetu walilaza wali wakala kiporo asubuhi, na hawakuwa na friji.

Afisa Afya Mstaafu

Walikula, na wengine waliharisha wakasema ni upepo. Kiporo hicho pia kililiwa alfajiri, hakikusubiri saa sita mchana.

Mzee wa Chupa

Suluhisho ni rahisi, nunua chupa ya chakula ile ya chuma yenye kuta mbili. Ijaze maji yanayochemka dakika tano, mwaga, tia mchuzi ukiwa unachemka, jaza hadi juu, funga. Saa sita bado wa moto.

Karani wa Posta

Ahsante mzee wangu, ila nimeuliza cha kuliwa baridi. Chupa nzuri bei yake bado sijaifikia.

Bint Pangani, hizo choroko nimezipenda. Nizipoozeje, na nizifungeje zifike? Na chapati inafaa?

Bint Pangani

Kupooza ndiyo kazi yenyewe. Usiingize sufuria ya moto kwenye friji, na usiiache jikoni mpaka kesho. Zimwage kwenye sinia safi, kina kisizidi upana wa kidole gumba, weka mbele ya feni, geuza mara moja. Zikiacha kutoa mvuke, kama nusu saa hivi, ingiza friji bila kufunika. Zikishapoa kabisa ndipo ufunike. Sufuria yenye kina inadanganya, juu imepoa na katikati bado vuguvugu saa tatu baadaye. Ukifunika mapema mvuke unageuka maji kwenye kifuniko na kudondokea chakula.

Ubaridi unatoka kwenye chupa mbili za maji za nusu lita. Zijaze ubakize nafasi ya vidole viwili juu, maji yakiganda yanatanuka na chupa iliyojaa inapasuka. Zigandishe usiku kucha. Asubuhi toa kopo la choroko kwenye friji dakika ya mwisho kabisa, si kabla ya kuoga. Chupa moja chini, kopo katikati, nyingine juu, kwa kuwa hewa baridi inashuka. Tumia ule mfuko wenye bitana ya fedha ndani. Kama huna, viringisha vyote kwa taulo nene kavu kisha tia kwenye mfuko wa kawaida na ukaze. Si sawa na ule, ila inasaidia. Usiufungue njiani.

Chapati inafaa sana, lakini isikae na barafu. Ubaridi wa friji unaikakamaza kuliko ikikaa nje. Kanda unga kwa maji ya vuguvugu na mafuta, vijiko viwili vya mezani kwa vikombe viwili vya unga, acha donge lipumzike nusu saa. Ikitoka kwenye chuma ifunike kwa kitambaa, ikipoa iviringishe. Tupu hivyo inabebwa nje ya mfuko wa baridi. Choroko zitie ndani wakati wa kula, ukizitia asubuhi inalowa na kukatika.

Afisa Afya Mstaafu

Niongeze kipimo cha asiye na kipimajoto. Saa sita, kabla ya kufungua kopo, tikisa chupa. Barafu ikigonga ndani, na kopo likawa baridi mkononi, kula. Ikiwa maji matupu na chupa imeshakuwa ya joto la chumba, mwaga chakula. Na ujiulize: chupa ziliganda kweli, au umeme ulikatika usiku?

Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyofungwa inashikilia ubaridi kama saa nne. Zaidi ya hapo, choroko za kubeba kazini sizishauri.

Mkaka wa Njombe

Huku mwezi wa saba hata maji ya bomba yanauma meno. Mimi nabeba maharage na viazi bila barafu na sijaugua. Hizo chupa ni za watu wa pwani.

Afisa Afya Mstaafu

Hali ya hewa yako inakusaidia, vimelea vinakua polepole kwenye baridi. Lakini ofisi yenye watu na madirisha yaliyofungwa haiko nyuzi 5, hata Njombe. Chupa moja badala ya mbili, sitabishana.

Mkaka wa Njombe

Tutabishana tu mzee. Kubeba barafu Njombe ni kuchekwa.

Dada wa Temeke

Kwa anayetaka kitu cha kuongezea: yai. Weka kwenye maji yanayochemka dakika kumi, poza kwenye maji safi ya baridi, lipeleke friji na ganda lake. Limenye ofisini. Likimenywa nyumbani linashikwa na mikono mara mbili na linakauka. Lisafiri kwenye baridi pamoja na choroko.

Kuku pia anawezekana, ila kidari bila ngozi, kwa sababu mafuta ya ngozi yakipoa yanaganda meupe. Chemsha aive kabisa, mchambue kwa uma akishapoa, changanya na mafuta na ndimu, poza kwenye sinia vile vile. Usimchambue kwa vidole. Kuna vimelea vya mikononi na puani ambavyo sumu yao haifi kwa moto, sembuse chakula kisichopashwa tena.

Dagaa wa kukaanga wakavu nao wanavumilia, ila muwahurumie wenzenu, harufu inafika hadi kwa bosi.

Kaka Mbagala

Mwisho niulize, huo wali ukipoozwa kwa sinia na ukabebwa na barafu, bado mnaukataa?

Afisa Afya Mstaafu

Hapo siukatai. Upoozwe ndani ya saa moja, ulale friji, uliwe kesho yake tu.

Bint Pangani

Mimi naukataa kwa ladha. Ugumu ule mafuta hayaumalizi. Chemsha viazi vitamu, vikipoa ndiyo kwanza vinashikana vizuri na havimwagiki.

Karani wa Posta

Jumapili naanza na choroko na chapati. Kuna moja limebaki: chupa zikianza kuyeyuka zinatoa jasho, na kwenye mkoba huo huo nina mafaili ya ofisi.

Dada wa Temeke

Kila chupa iviringishe gazeti kavu, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa. Mafaili yabebe mkono mwingine.