Mjadala: Kuzidisha kwa asili yenye x kupigwe marufuku darasani?

Kidato cha Tano: Wakuu, swali ni (x + 5)/(x − 2) ≥ 3. Nimezidisha pande zote kwa x − 2, nikapata x + 5 ≥ 3x − 6, mwisho x ≤ 5.5. Kitabu kinasema 2 < x ≤ 5.5. Hiyo 2 imetoka wapi? Na kama njia hii inapotosha, kwa nini isipigwe marufuku?

Chaki Nyeupe: Weka x = 0 kwenye swali lenyewe. 5 gawanya kwa −2 ni −2.5, haifiki 3, kwa hiyo 0 si jibu. Ila jibu lako linaikubali. Sasa angalia ulipozidisha: −2.5 ni ndogo kuliko 3, lakini ukizidisha zote mbili kwa −2 unapata 5 na −6, aliyekuwa mdogo amekuwa mkubwa. Pale alama ilitakiwa igeuke, wewe ukaiacha. Namba zote zilizo chini ya 2 zimepenya hapo. Ipigwe marufuku, na anayezidisha bila kuangalia apewe sifuri.

Mzizi Mbili: Sifuri ya nini, mwalimu? 5.5 kaipata sawasawa. Mabano kafungua vizuri, x kaihamisha vizuri. Kusahihisha kwa hasira ndiko kunakowafanya watoto waikimbie hesabu.

Nusu Mkate: Hakuna haja ya marufuku, gawa kazi mara mbili tu. Kama x > 2, alama inabaki: x ≤ 5.5. Kama x < 2, alama inageuka: x ≥ 5.5. Unganisha. Jibu ni namba zote isipokuwa 2.

Chaki Nyeupe: Jaribu 10 basi. 15 gawanya kwa 8 haifiki hata 2, itafikaje 3? Mwanzo wako ni mzuri, ila sharti la kila upande umelitupa njiani. Tawi la pili linataka namba iliyo chini ya 2 na papo hapo isipungue 5.5. Haipo, tawi hilo ni tupu. La kwanza linabaki na 2 < x ≤ 5.5.

Nusu Mkate: Sawa, sharti libaki. Lakini umeona kwamba njia yenyewe ni ya kuzidisha, na imefika!

Baba Wawili: Mnakuza mambo. 4x/(x² + 3) < 1 nazidisha moja kwa moja, 4x < x² + 3, jibu x < 1 au x > 3. Ukijaribu namba yoyote inakubali.

Mstari wa Namba: Inakubali kwa sababu x² + 3 haishuki chini ya 3 hata uweke nini. Ni chanya daima, alama haina sababu ya kugeuka. Ya kijana ni x − 2, inayobadilika kuwa hasi ukishuka chini ya 2. Kwake nashauri asizidishe. Alete 3 upande wa kushoto, aweke kwenye asili moja, abaki na (11 − 2x)/(x − 2) ≥ 0. Kiasi ni sifuri kwenye 5.5, asili ni sifuri kwenye 2. Pointi hizo zinakata mstari vipande vitatu, na kila kipande kinatosha namba moja ya kujaribia: 0 inatoa hasi, 3 inatoa 5, 6 inatoa hasi. Kipande cha kati ndicho jibu. 5.5 inaingia, 2 haiingii kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri.

Mzizi Mbili: Au azidishe kwa (x − 2)², ambayo haiwi hasi. Inatoka (x − 2)(11 − 2x) ≥ 0. Marufuku ya nini sasa?

Mstari wa Namba: Hiyo ni halali, ila ina mtego wake: ukiishia hapo utaandika 2 ≤ x ≤ 5.5, kwa sababu asili imeshatoweka na 2 inaonekana haina kosa. Lazima uitoe mwenyewe. Na asifungue mabano, atajiletea 2x² − 15x + 22 ≤ 0 aanze kuitafutia vigawo alivyokuwa navyo mkononi.

Chaki Nyeupe: Narudi kwa Mzizi Mbili. Hiyo 5.5 unayoitetea ni mahali pande mbili zinapolingana tu. Swali liliuliza ni wapi upande mmoja unazidi, na nusu nzima ya mstari kaijibu kinyume.

Mzizi Mbili: Ndiyo, na bila kujua zinapolingana usingepata mpaka wa kulia. Hiyo ni kazi, ina alama zake.

Kidato cha Tano: Nimeelewa 2. Kama swali lingekuwa > 3 badala ya ≥ 3, 5.5 nayo ingetoka?

Mstari wa Namba: Ingetoka. Pale sehemu inakuwa 3 kamili, na 3 haizidi 3.

Chaki Nyeupe: Alama moja kati ya nne. Zaidi ya hapo sitoi.

Mzizi Mbili: Mbili.