Ami asema baridi hii ya Julai yaonyesha joto duniani ni uongo. Nimjibu vipi?

BintiKibokoni
Habari zenu wandugu, naomba ushauri. Ami yangu ni mzee wa heshima na msomaji sana wa magazeti. Juzi alikuja barazani amevaa sweta, kikombe cha kahawa amekikumbatia kwa viganja viwili, akasema: "Hao wanaotuambia dunia yachemka, waje walale Mombasa usiku wa leo." Watu wakacheka. Nikamwambia siku moja haitoshi. Akaniuliza: "Basi ngapi zatosha?" Nikakosa la kusema. Swali lake naliona la haki. Sitaki kumshinda mzee mbele ya watu, nataka jibu ambalo hata yeye atalipima. Ni siku ngapi?

Mwinyi_Likoni
Mwambie hiyo baridi ni ya umbali. Mwezi wa 7 dunia iko mbali kabisa na jua, kama kilomita milioni 152. Januari huwa milioni 147. Ule ujumbe huzunguka kwenye simu kila mwaka na ni kweli. Joto duniani ni jambo jingine, halihusiani.

Mpimahewa
Mwinyi, umbali ni huo huo ulioutaja, ila sio unaotupoza. Ungekuwa ndio, dunia nzima ingepoa Julai. Kumbe wastani wa joto la dunia nzima huwa juu kabisa Julai hiyo hiyo, kwa sababu nchi kavu nyingi ziko upande wa kaskazini na kwao ni kiangazi. Sisi tunapozwa na kusi. Jua limehamia kaskazini, upepo unatujia kutoka kusini ambako ni msimu wao wa baridi, mawingu yanakaa, na bahari yetu yenyewe imepoa kuliko ilivyokuwa Machi.

BintiKibokoni, kabla ya kuhesabu siku, muulize Ami analinganisha usiku huo na nini. Nadhani moyoni analinganisha na Machi, jasho la kaskazi bado analikumbuka. Kwa kipimo hicho atashinda kila mwaka, hata dunia ipande joto kiasi gani. Usiku wa Julai ulinganishwe na Julai nyingine, hapo hapo mahali pamoja. Watu wa hali ya hewa huchukua wastani wa miaka 30, kwa sasa ni ile ya 1991 hadi 2020, halafu hutazama mwezi wa leo umezidi au umepungua kwa kiasi gani. Miaka 30 kwa sababu El Nino na kupanda na kushuka kwa joto la Bahari ya Hindi huvuta mwaka mmoja huku na mwingine kule. Ukichukua michache unaweza kuangukia ile iliyovutwa upande mmoja.

KukuKisauni
Mimi hiyo baridi imeniulia vifaranga. Nilipunguza makaa usiku nikijua Mombasa ni joto tu, asubuhi nikawakuta wamelundikana pembeni. Sasa mnaniambia dunia inapata joto, kwa hiyo mwakani nisinunue makaa?

Mpimahewa
Pole sana. Nunua makaa. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji kama nyuzi 32 hadi 35 pale alipolala, na hata usiku wa Julai wenye joto kuliko kawaida uko chini sana ya hapo. Kwa kuwasha jiko usiku wa leo, tazama utabiri wa leo. Wastani wa miaka 30 utakufaa siku utakapojenga banda jipya na kuamua madirisha yatazame wapi na bati liwe juu kiasi gani. Na wakilundikana ujue wanaona baridi. Wakikimbilia kuta na kuhema midomo wazi, umezidisha moto.

Tudor_Mkongwe
Hoja ya Ami si ngeni. Februari 2015 Seneta James Inhofe aliingia na donge la theluji ndani ya Seneti ya Marekani, Washington, akalirusha humo ukumbini, kuonyesha kwamba nje kuna baridi isiyo ya kawaida. Kweli mashariki ya nchi yao ilikuwa imeganda. Mwaka huo huo wa 2015 ukaja kumalizika ukiwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani hadi wakati huo. Baadaye 2016 ukaupita, na 2024 ukaipita yote.

BintiKibokoni
Ahsanteni. Kwa hiyo nimkumbushe jinsi Machi tulivyolala sakafuni milango wazi? Hiyo itamnyamazisha.

Mpimahewa
Usimwambie hivyo, tafadhali. Usiku mmoja wa Machi hauthibitishi kama vile usiku mmoja wa Julai usivyokanusha. Ukitumia silaha hiyo, umempa ruhusa ya kuitumia na yeye.

Mpe hesabu hii, nambari ni za mfano tu. Tuseme zamani usiku wa Julai ulikuwa na wastani wa nyuzi 22, na usiku mmoja hutofautiana na mwingine kwa nyuzi moja na nusu hivi. Usiku wa chini ya nyuzi 20 utaupata kama mara 9 katika kila 100, yaani usiku tatu hivi kwa Julai moja. Sasa pandisha wastani kwa nyuzi moja tu, uwe 23, mengine yabaki vile vile. Usiku wa chini ya 20 unashuka hadi kama 2 katika 100. Kwa Julai moja haufiki hata usiku mmoja kwa wastani, lakini haujatoweka. Ukija, Ami atavaa sweta na atakuwa mkweli kabisa kwamba anaona baridi.

Kwa hiyo ahesabu usiku wa baridi wa miaka mingi, aone unapungua au unaongezeka. Marekani walihesabu: katika miaka ya 2000 hadi 2009, rekodi za joto zilizovunjwa zilikuwa kama mara mbili ya rekodi za baridi. Pasingekuwa na ongezeko, zingekaribiana.

Mikindani_Mabati
Hesabu nzuri, ila kipimajoto kiko wapi? Kile cha uwanja wa ndege kimezungukwa na lami, mabati na malori. Mji ukikua, usiku unapata joto. Hilo ni joto la Mombasa, si la dunia.

Mpimahewa
Ni wasiwasi wa haki, na usiku ndio huathirika zaidi, maana saruji na lami hutoa usiku joto zililomeza mchana. Ndiyo sababu hakuna anayehukumu dunia kwa kituo kimoja. Kuna vituo vya mashambani, na kuna baharini ambako hakuna lami: maboya ya Argo yanayokaribia 4,000 yanazama na kupanda yakipima joto la maji, na zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia huko. Lakini ukiniuliza nyuzi ngapi za usiku wa Mombasa ni za mji na ngapi ni za dunia, kituo kimoja hakiwezi kukutenganishia.

Mikindani_Mabati
Basi kwa Mombasa yenyewe bado sijaridhika. La bahari nimelisikia.

BintiKibokoni
Nimemsomea Ami ile hesabu ya 9 na 2 tukiwa wawili tu. Amesema mfano wa kutunga si ushahidi, anataka Julai za kwetu. Nikaombe wapi, na niombe nini hasa?

Mpimahewa
Yuko sawa kudai hivyo. Iandikie Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, omba joto la chini kabisa la kila siku kwa Julai zote, kituo cha uwanja wa Moi, kuanzia mbali watakapoweza. Huenda ukatozwa ada. Uliza pia kama kituo kiliwahi kuhamishwa au kubadilishiwa kifaa, na mwaka gani. Usilipuuze swali hilo, kwa sababu kipimajoto kikihamishwa nambari zinaweza kuruka ghafla, na Mikindani_Mabati atakuwa wa kwanza kuuliza.