Logi ya kanzidata imefika GB 171 na duka limesimama: naomba ushauri kabla ya usiku

Fundi_Chake (Jumamosi, saa 3:10 asubuhi)
Assalamu alaykum. Ninatunza mfumo wa mauzo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake, unaotumia SQL Server Express. Tangu duka lifunguliwe leo, kila risiti inarudi na kosa nambari 9002, kwamba logi ya miamala imejaa. Data ni GB 6 tu, lakini faili la logi limefika GB 171, na kinachonishangaza ni kwamba diski bado ina GB 9 zilizo wazi. Bakapu kamili huchukuliwa kila usiku. Nimeshaandaa amri ya kuihamishia kanzidata kwenye mpangilio wa SIMPLE, ambao logi hujisafisha yenyewe, baada ya sala ya Isha, kisha nilipunguze faili. Je, kuna hatari yoyote?

Kijana_wa_Mkoani
Hakuna hatari, kaka. Duka haliendeshwi kama benki. Weka SIMPLE, punguza faili, endelea na bakapu yako ya usiku. Mimi nimefanya hivyo katika maduka matatu na hakuna aliyelalamika.

BiSalma_Wete
Msije mkalifuta faili lenyewe tu. Katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, mwenzetu mmoja alisimamisha huduma, akalifuta faili la ldf kwa kuamini kwamba ni takataka, na kanzidata ilipowashwa ikakataa kufunguka. Tulirejea kwenye bakapu ya siku 9 nyuma, tukaziandika upya kadi za wagonjwa kwa mkono, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika hadi usiku. Sikuisahau kazi ile.

Mzee_wa_Seva
Ndugu Fundi, kwanza tujue kinachoizuia logi kuachia nafasi. Endesha hii utuletee jibu:

```
SELECT name, recovery_model_desc, log_reuse_wait_desc
FROM sys.databases;
```

Kuhusu zile GB 9, angalia faili limepangiwa kukua kwa kiasi gani. Kama ni asilimia 10, basi hatua inayofuata inataka GB 17 kwa mkupuo mmoja, na diski haina.

Fundi_Chake
Ni asilimia 10 kweli, ahsante. Jibu ni FULL na LOG_BACKUP. Lakini bakapu ninachukua kila usiku, sasa inasubiri bakapu gani tena? Na kwa udadisi tu, je, thamani za zamani za jedwali zinaweza kupatikana kutoka kwenye logi?

Mzee_wa_Seva
Inasubiri bakapu ya logi, ambayo hujawahi kuichukua. Bakapu kamili hunakili data pamoja na kipande cha logi kinachohitajika kuiweka sawa, lakini haiikati logi hata kidogo. Katika FULL seva huamini kwamba unataka kuweza kurejea dakika yoyote, kwa hiyo kila badiliko hubaki mle hadi bakapu ya logi ilichukue, na hapo ndipo sehemu ile huruhusiwa kuandikwa upya.

Sasa nami nakuuliza: udadisi huu wa thamani za zamani umetoka wapi? SIMPLE itaukata mnyororo wa logi, na kilichomo humo hutakipata tena. Nini kimetokea wiki hii?

Fundi_Chake
Sikuona kama linahusiana na swali langu. Alhamisi mteja mmoja alimaliza deni lake, nikaandika amri ya kulifanya sifuri, nikasahau kuweka WHERE. Madeni ya wateja wote 214 yakawa sifuri. Tajiri hajajua. Nilikusudia kuyarejesha kwa daftari la karani polepole, na ndiyo maana nilitaka kwanza mfumo usimame. Bado naona SIMPLE ndiyo njia ya haraka, kwa sababu bakapu ya usiku hujiandika juu ya ile ya jana, na ya jana tayari ina kosa.

Haki_Sawa
Mwambie tajiri wako leo, kabla mteja hajamwambia. Deni ni amana ya watu, na wewe umelikalia siku mbili.

Mchunguzi_Darajani
Naomba radhi, lakini kisa hiki nakitilia shaka. Express hadi toleo la 2022 haivuki GB 10, na kanzidata mpya ndani yake huanza na SIMPLE. Hizi GB 171 za FULL zimetoka wapi? Nahisi mtu anatunga mtihani atupime.

Mzee_wa_Seva
Kikomo cha GB 10 ni cha mafaili ya data, logi haihesabiwi. La SIMPLE umesema kweli, nami ningependa kusikia jibu lake.

Fundi_Chake
Sijatunga. Mfumo ulikuwa kwenye seva ya Standard. Ilipoharibika, fundi aliyenitangulia aliirejesha kanzidata kutoka bakapu kwenye kompyuta hii ya Express.

Mzee_wa_Seva
Basi imekuja na FULL yake, kwa sababu mpangilio huo husafiri ndani ya bakapu. Je, kuna bakapu kamili yoyote ya zamani iliyochukuliwa kwenye kompyuta hii?

Fundi_Chake
Ipo kwenye flashi, ya mwisho wa Aprili. Lakini ni ya zamani mno, na tangu hapo zimechukuliwa bakapu kamili nyingi.

Mzee_wa_Seva
Haidhuru, kwa sababu bakapu kamili zilizofuata haziukati mnyororo. Logi haijawahi kukatwa, kwa hiyo bakapu ya Aprili pamoja na bakapu moja ya logi ya leo vinakufikisha dakika yoyote baina yao. Tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, ukitegemea faili la karibu GB 170, kwani Express haibani bakapu:

```
BACKUP LOG Duka TO DISK = 'E:\bakapu\duka_1.trn';
```

Ikimalizika, risiti zitakatwa tena bila kugusa kitu kingine. Kisha rejesha kwa jina jingine, usiiguse Duka yenyewe:

```
RESTORE DATABASE DukaNakala FROM DISK = 'F:\duka.bak'
WITH NORECOVERY,
MOVE 'Duka' TO 'E:\nakala\duka.mdf',
MOVE 'Duka_log' TO 'E:\nakala\duka.ldf';
RESTORE LOG DukaNakala FROM DISK = 'E:\bakapu\duka_1.trn'
WITH STOPAT = '2025-06-12T10:39:00', RECOVERY;
```

Saa hiyo nimeibuni. Weka dakika moja kabla ya kosa lako.

Fundi_Chake
Risiti ya mteja yule ilichapwa saa 4:42 asubuhi, dakika moja tu baada ya amri. Nitaweka 10:40.

Kijana_wa_Mkoani
Nakubali kwamba leo ni tofauti. Lakini baada ya hapo SIMPLE inamtosha.

Mzee_wa_Seva
Inatosha kwa anayekubali kupoteza mauzo ya siku nzima, na uamuzi huo ni wa mwenye duka. Akibaki FULL, bakapu ya logi ichukuliwe kila dakika 30 kwa sqlcmd kupitia Task Scheduler, kwa kuwa Express haina Agent, na kila faili liwe na jina lake.

Fundi_Chake (Jumapili, saa 8:20 usiku)
Bakapu ya logi ilichukua saa moja na nusu. DBCC SQLPERF(LOGSPACE) ilionesha asilimia 99, sasa inaonesha 1, na duka liliuza hadi magharibi. Faili bado ni GB 171. Nililipunguza kwa DBCC SHRINKFILE likakataa kushuka.

Mzee_wa_Seva
Bakapu huachia nafasi ndani ya faili, haipunguzi faili. Sehemu inayotumika imekaa mwishoni. Chukua bakapu nyingine ya logi, kisha rudia. Liache kwenye GB 4, likue kwa MB 512.

Fundi_Chake
Limeshuka. Na DukaNakala imefunguka: madeni 214 yamo. Wateja 11 wamelipa tangu Alhamisi, hao nitawalinganisha na risiti mmoja mmoja. Tajiri anafika dukani saa 2 asubuhi, nitamngoja mlangoni.