Picha ya pilau kwa ajili ya bango: nilipie programu, nitumie ya bure, au nimwite mpiga picha? (Tabora)

mama_sinia_tbr
Habari za jioni wakuu. Nataka picha ya pilau na kila programu ya kuchora ninayoiambia "pilau" inaniletea chakula nisichokijua. Wali wa njano, punje ndefu kama sindano, majani ya kotimiri juu, bakuli la shaba. Mwanangu anasema nilipie Midjourney, shemeji yangu anasema za bure zinatosha, na kuna kijana hapa mjini ana kamera ila bei yake imenishtua. Nichukue ipi? Mchapaji anataka picha Ijumaa.

kijana_wa_reli
Mwangaluka dada. Umeeleza nusu. Ulitumia programu gani, uliandika maneno gani hasa, na hiyo picha inaenda wapi? Stetasi ya wasapu na bango la barabarani haviulizwi swali moja.

Isevya_Original
Hizo programu haziijui Tabora, tusidanganyane. Zinajua biriani ya Wahindi na wali mwekundu wa Nigeria. Dawa ni moja: andika kwa Kiingereza, na andika kirefu. Maneno yakizidi, picha inakuwa sahihi zaidi.

mama_sinia_tbr
Nimetumia ChatGPT na Gemini kwenye simu, za bure. Niliandika hivi: "Pilau tamu ya nyama ya Tabora yenye binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu, isiwe na kotimiri, picha ya kitaalamu." Bango ni mita 2 kwa 1, la kuning'iniza mlangoni.

bi_mkubwa_ujiji
Mwanangu, kama pilau yako inatoka njano tatizo liko jikoni. Unaweka manjano ya nini? Pilau rangi yake ni kitunguu. Kaanga kitunguu kwa moto wa wastani, usiondoke, mpaka kiwe kahawia iliyokolea lakini kisiungue, maana kikiungua pilau inakuwa chungu. Hapo ndipo unatia saumu na tangawizi, kisha viungo, kisha nyama iliyochemshwa, viazi, halafu supu yake yote. Mchele unaunywa ule mchuzi wa kahawia. Usiweke maji meupe matupu, itapauka.

kijana_wa_reli
Shikamoo bibi. Dada hajapika, anataka kompyuta imchoree 😂

bi_mkubwa_ujiji
Marahaba. Kwa nini ichorwe wakati inaweza kupikwa?

fundi_mwanga
Msimcheke bibi, ametoa jibu ambalo wote hapo juu mmelikosa. Dada, maelezo yako ni orodha ya manukato. Pilau kwa mpishi ni harufu, lakini mchoraji huyu hana pua. Ukimwandikia "mdalasini" anajiuliza mdalasini unaonekanaje, anaweka vijiti vya mdalasini juu ya wali kama pambo, na pembeni anaongeza zile nyota za kahawia ambazo hata hukuzitaja. Ukiandika "binzari nyembamba" anamwagia mbegu juu. Jikoni kwako binzari imesagwa, imeyeyukia kwenye mchuzi, haionekani. Kisichoonekana kwenye sinia kisiwe kwenye maelezo. Iliki mbili tatu nzima zilizolowa na kuwa nyeusi, sawa, zitaje, useme zimezama nusu.

Eleza kile jicho linaona. Kwanza rangi: kahawia ya supu, isiyolingana, punje nyingine zimekolea na nyingine zimepauka kidogo. Hilo la kutolingana ni muhimu, ukiliacha utapata wali uliopakwa rangi moja kama plastiki. Pili punje: mchele wetu wa Igunga na Nzega si basmati. Sema punje fupi, nono, zimeshikana hapa na pale, zina mng'ao wa mafuta. Tatu nyama: vipande vyenye mfupa, vimechanganyika ndani ya wali. Usiposema hivyo utapewa nyama imepangwa juu kama kitoweo cha hoteli. Viazi nusu nusu, vimeshika rangi ya kahawia kwa nje, kingo zimeanza kumeguka. Nne chombo: sinia pana la alumini, halafu kachumbari ya nyanya na kitunguu vilivyokatwa vyembamba, kifungu kidogo ukingoni.

Halafu futa "tamu" na "picha ya kitaalamu". Hayo ndiyo yanayoleta meza nyeusi ya mbao, kitambaa cha kitani na majani juu, kwa sababu picha nyingi za vyakula zilizoandikwa hivyo mtandaoni zimepambwa hivyo. Sema picha ya simu, mwanga wa mchana unaotoka upande wa kushoto.

Isevya_Original
Kwa hiyo nilikuwa sahihi, kirefu.

fundi_mwanga
Nusu, mkuu. Kiingereza bado kinasaidia, hasa kwenye programu za zamani, kwa sababu picha nyingi zilizozifundisha zilikuwa na maelezo ya Kiingereza. Lakini urefu una kikomo. Stable Diffusion za mwanzo zilisoma tokeni 77 tu, tokeni ni vipande vya maneno, na kilichozidi hakikufika popote. Hata mpya zinazosoma aya nzima huwa zinapoteza jambo lililozikwa katikati. Anza na rangi na punje, mambo ya meza yaje mwisho.

Na hiyo "isiwe na kotimiri", dada, huenda ndiyo iliyoileta. Umelitaja jani, limeingia kwenye picha. Badala ya kukataza, jaza ile nafasi: "juu ya wali hakuna pambo, ni punje za kahawia tupu". Midjourney wana sehemu maalumu ya kukataza, `--no`, hiyo inafanya kazi tofauti na kukataza ndani ya sentensi. Mimi ningeandika hivi, mstari wa mwisho ni amri za Midjourney tu:

```
Cooked rice stained uneven brown by meat broth, short plump grains,
bone-in beef chunks and halved brown potatoes half buried in it,
bare top, wide aluminium tray, small heap of sliced tomato and onion
at the rim, daylight from left, phone photo
--ar 2:1 --style raw --no coriander, saffron, egg
```

Ona neno pilau silo la kwanza, wala halimo kabisa. Ukilitaja linavuta biriani.

kigoma_catering
Nisikilizeni mimi niliyeumwa. Nina huduma ya chakula huku Kigoma. Kijana mmoja alinitengenezea menyu, sikumwambia atoe picha wapi. Akaleta kitu kinang'aa, nikaona pilau ni pilau tu, tukachapa. Kumbe ile picha ina korosho, zabibu kavu, mayai ya kuchemsha yamekatwa nusu, na kuku mzima katikati. Ikaja familia ya harusi, wakaoneshana ile menyu, wakalipa kianzio. Siku ya shughuli sinia zinatoka, shangazi wa bibi harusi anasimama na menyu mkononi, mbele ya watu, anauliza mayai yako wapi. Nikasema pilau yetu ni ya ng'ombe. Akasema, "Hapa panaonekana kuku, mimi sijui kusoma lakini naona." Nilituma mtu sokoni kununua mayai wakati watu wanakula. Kianzio kilibaki, salio lilikuja pungufu, na menyu zote nikachomea jiko.

Kwa hiyo swali si programu ipi. Mteja akikaa mezani, atakula kilicho kwenye bango?

kijana_wa_reli
Hapo umegusa. Na mimi niongeze la ukubwa. Mita 2 ni milimita 2000. Programu ikikupa picha ya pikseli 1024 kwa upana, kila nukta bangoni inakuwa karibu milimita 2. Mtu wa bodaboda akipita haoni shida, ila anayesimama mlangoni ataona wali umekuwa uji. Kuna programu za kukuza picha, lakini zinabuni punje ambazo hazikuwepo, na zinaweza kuzirefusha. Unarudi kwenye basmati. Kamera ya yule kijana ina pikseli nyingi kuliko hizo mara kadhaa.

mama_sinia_tbr
Asanteni sana. Nimejaribu maelezo ya fundi_mwanga kwenye ile ya bure, nikaondoa mstari wa mwisho kwa sababu uliingia kama maneno ya kawaida. Sinia limekuja sinia kweli, rangi imekaa vizuri mno, kotimiri hamna. Ila viazi vinafanana na mayai ya kukaanga, na kachumbari imezunguka sinia zima kama ua.

fundi_mwanga
Ondoa neno "halved" uandike viazi vizima vidogo, ule ubapa wa kilichokatwa ndio unaomchanganya. Kwa kachumbari sema kifungu kimoja, upande wa kulia chini. Usiandike upya kila kitu, badilisha jambo moja kisha uangalie, la sivyo hutajua kipi kimerekebisha.

Au fanya njia ya mkato: pika pilau yako kawaida, piga kwa simu karibu na mlango, ipakie kwenye Gemini, uiombe ibadilishe mandhari tu na wali isiuguse. Kisha linganisha na picha yako ya kwanza, hasa kwenye punje, kwa sababu wakati mwingine inaupangusa wali na kuulainisha bila kukuambia.

Isevya_Original
Ukishapika na kupiga picha, hiyo programu ya nini tena?

kigoma_catering
Ndicho anachosema bibi tangu mwanzo.

fundi_mwanga
Ya kuondoa ndoo na kandambili zilizoko nyuma ya sinia 😂. Ila kulipia Midjourney dola 10 kwa mwezi kwa bango moja, mimi sioni faida. Labda kama una menyu nzima ya kuchora.

mama_sinia_tbr
Menyu ipo kaka. Kuna ugali na migebuka, wali wa nazi, makande.

kijana_wa_reli
Dada!! Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

ngalawa_77
Samahani nimechelewa kuingia. Nani kasema pilau ina viazi? Pilau ya viazi ni ya kubania nyama.

bi_mkubwa_ujiji
Wewe mtoto wa nani? Kiazi kinakunywa mchuzi kuliko nyama. Harusi za Ujiji sinia bila kiazi linarudishwa jikoni.

ngalawa_77
Shikamoo bibi. Sisi kwetu kiazi ni cha biriani.

Isevya_Original
Tabora tunaweka. Na migebuka ya dada ataichoraje? Mimi nimejaribu, ikaja samaki wa rangi ya chungwa ana mapezi kama wa pambo la sebuleni.

fundi_mwanga
Migebuka usiitaje kwa jina. Samaki mwembamba mrefu, rangi ya fedha, amekaangwa mzima mpaka ngozi imepasuka. Lakini fungua uzi mwingine, huu ni wa pilau.

ngalawa_77
Ya viazi au isiyo na viazi?