Msaada: slaidi za salfa hazisomeki kwenye simu ndogo

Kijana wa Chuno: Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, natengeneza matangazo kwa laptopu. Nimepewa kazi ya karuseli ya slaidi 10 kuhusu kupulizia salfa mikorosho, ziende kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa Newala na Tandahimba. Kwangu zinaonekana safi kabisa. Wao wanasema zinazunguka tu, na zikifunguka hawaoni kilichoandikwa. Nitumie fonti gani? Jumatatu mteja anazitaka, usingizi sipati.

Mzee wa Mchinga: Kijana, mtandao wenyewe ndio shida. Nilitumiwa video ya harusi ya mpwa wangu, ikazunguka siku mbili mpaka bando likaisha. Wachapishie karatasi.

Dada Nachi: Tuma kama dokumenti kaka, PNG, ubora haupotei.

Kijana wa Chuno: Ndivyo nilivyofanya dada.

Fundi wa Ligula: Kila slaidi ina KB ngapi, maandishi pikseli ngapi, na nyuma kuna picha gani?

Kijana wa Chuno: 1080 kwa 1350, kama KB 900 kila moja. Maandishi ni 30. Nyuma ni shamba la mikorosho.

Fundi wa Ligula: Hiyo 30 umeipata wapi? Anayechora slaidi ya simu haanzii hapo.

Kijana wa Chuno: Kusema kweli ni bango la A3 ambalo mteja alishalichapisha. Nimelikata vipande 10. Lakini ameshaidhinisha na kulipa nusu, na anataka shamba lionekane. Siwezi kuanza upya, ndiyo maana nimeuliza fonti tu.

Fundi wa Ligula: Basi tumelipata. Simu nyingi za bei nafuu zinaonyesha slaidi yako ya 1080 kwenye upana wa 360, yaani kila kitu kinapungua mara tatu. Herufi ya 30 inabaki 10, na huyo mtu yuko juani. Maelezo yasishuke chini ya 48, kichwa kiwe 90 hivi. Ukikuza namna hiyo maneno hayatatosha, na hapo ndipo utalazimika kuyapunguza. Slaidi moja, jambo moja.

Uzito sasa. Slaidi 10 za KB 900 ni MB 9. Kwenye mtandao unaoleta KB 12 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya dakika 12. Dada Nachi yuko sahihi kwamba dokumenti hailegezi ubora, ila inampelekea mkulima mzigo wote. Tuma kama picha ya kawaida, WhatsApp itaibana. Lakini ujue majani ni maelfu ya vijipande vya rangi, hayabaniki vizuri, na ukiandika juu yake kingo za herufi zinachafuka. Rangi moja tupu inabanika sana. Weka picha slaidi ya kwanza tu, nusu ya juu, jani moja lenye ubwiriunga kwa karibu. Maneno yakae chini, meusi juu ya nyeupe. Slaidi 6 za KB 80 ni sekunde 40 hivi kwenye mtandao uleule. Andika 1/6, 2/6, kwa sababu mtu atasambaza moja peke yake.

Mwana Mikindani: Hii chai. Mkulima gani wa Newala asiyejua salfa? Mleta uzi na Fundi ni mtu mmoja, anatafuta wateja.

Kijana wa Chuno: Mkuu, salfa wanaijua. Kinachowaponza ni saa. Wengine wanaanza saa nne, umande umeshakauka na upepo umeanza, unga unakwenda kwa jirani. Hilo ndilo nilitaka walione, na kwenye bango lilikuwa mstari wa saba.

Fundi wa Ligula: Basi hilo ndilo slaidi ya pili. "Anza alfajiri, majani yakiwa na umande."

Mwana Mikindani: Thibitisheni kwanza.

Kijana wa Chuno: Nimerudi. Nimechora mbili upya usiku, nikazima waifai na kumtumia shangazi Kitangari. Ya kwanza ina KB 74. Amenisomea kwa simu neno kwa neno, bila kukuza kwa vidole. Ya zamani alisema anaona "kijani tu". Lakini mteja anashikilia shamba zima libaki nyuma ya kila slaidi.

Fundi wa Ligula: Mpelekee zote mbili kwenye simu ya mkulima, siyo kwenye laptopu yako.

Dada Nachi: Na wasiojua kusoma je? Baba yangu ana ekari nane, hasomi. Ukirekodi sauti ya dakika moja ukaituma pamoja na picha ya jani, si itatosha?

Mzee wa Mchinga: Hapo umesema, binti.

Kijana wa Chuno: Dada, hilo sikuliwaza. Nitarekodi. Ya shamba zima, mteja hajajibu bado.