Mrejesho: lile swali la mtoto wa degedege

Nilichouliza: "Mtoto wa kilo 12, homa siku mbili, hajitambui, anatetemeka, anakoroma kwa mate. Hatua ya kwanza ni ipi? Kwa nini 'malaria kali' si jibu?"

Wakuu, asanteni. Mhadhiri ameshatufafanulia. Malaria kali ndiyo inayoshukiwa zaidi, hilo hakulipinga. Ila kukoroma kule kunaonyesha njia ya hewa inaziba, na mtoto anaweza kufa kabla kipimo cha malaria hakijatoa majibu. Jibu ni kumlaza ubavu, kufyonza mate na kumpa oksijeni. Usimtie kijiko mdomoni (bado wapo wanaofanya hivyo!).

Kinachofuata ni diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 6 kwa uzito ule, huku sukari ikipimwa. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, anapewa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 60 kwenye mshipa. Sukari ikishuka, nayo huleta degedege na kupoteza fahamu, kwa hiyo ukikimbilia malaria tu utaikosa. Kisha ndipo artesuneti, miligramu 36.

Mhadhiri aliongeza kwamba swali lilelile likiulizwa "ugonjwa gani unaoelekea zaidi?", malaria kali inapata alama zote.