Wakili kajibu odita mistari miwili tu, hesabu za mwaka zimekwama. Naomba ushauri

Mhasibu_Msamvu
Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya malori hapa Morogoro, mwaka wetu unafungwa tarehe 31 Desemba. Odita alituomba barua ya kwenda kwa wakili wetu kuuliza kesi zote tulizonazo, nikaandika kwa kufuata ya mwaka juzi, "tafadhali tujulisheni kesi zote na matokeo mnayoyatarajia". Wakili akajibu kwamba kesi tatu zinaendelea na ofisi yake haiwezi kutabiri maamuzi ya mahakama, basi akasaini. Odita anasema hiyo haimtoshi na anaweza kutupa hati yenye shaka, na benki inataka hesabu zilizokaguliwa kabla ya kutuongezea mkopo.

Kesi zenyewe ni hizi. Lori letu liligonga bodaboda, familia inadai milioni 180. Madereva wawili tuliwaachisha kazi, wapo CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wanadai milioni 38. Na muuza matairi anadai milioni 64, ila sisi kwenye vitabu tunakubali 41 tu. Bosi anasema tukiandika popote kwamba tutashindwa tunajimaliza wenyewe. Nifanyeje?

Kamanda_wa_Ledja
Mkuu mbona rahisi, weka provisheni, yaani deni la makadirio, ya jumla yote inayodaiwa, 180 + 38 + 64, unakuwa salama na odita hakusumbui tena. Mahakama ikiamua pungufu unarudisha mwakani kama mapato.

Mkaguzi_Mkongwe
Kamanda hapo umepatia nusu, kwamba kesi ya kushindwa lazima iingie kwenye vitabu, lakini kiasi anachodai mtu sio kiasi utakacholipa na odita atakikataa vilevile. Kiwango cha uhasibu cha IAS 37 kinataka provisheni pale ambapo kulipa kuna uwezekano mkubwa kuliko kutolipa na kiasi kinakadirika. Ikiwa uwezekano upo lakini haujafika huko, unaeleza kwenye maelezo ya hesabu bila kuingiza deni. Ukiwa mdogo mno, huandiki kitu.

Sasa ndugu Msamvu, kosa lipo kwenye barua yako na sio kwa wakili. Nimefanya ukaguzi miaka mingi, swali la wazi kama lile mawakili wengi wanalijibu hivyohivyo. Andika upya, safari hii menejimenti ndio itangulie kusema. Kila kesi iwe na aya yake, nani anadai, nini, imefikia wapi, nyie mnaonaje matokeo na mnakadiria kulipa kiasi gani pamoja na gharama za kesi. Mfano ya CMA: "Madereva hawakuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Tunaona uwezekano wa kushindwa ni mkubwa na tunakadiria kulipa milioni 22. Tafadhali mwelezeni mkaguzi kama makadirio haya mnayaona ni ya haki, na kama kuna kesi au dai tulilolisahau au kulieleza vibaya." Hapo wakili haombwi kutabiri, anaombwa kusema kama anakubaliana na ulichoandika au la.

Barua iwe kwenye karatasi ya kampuni, asaini mkurugenzi, halafu mpe odita aitume mwenyewe na majibu yaende kwake moja kwa moja. Yakipitia kwako kwanza hayana uzito. Na omba majibu yafike hadi tarehe anayoandika wakili, msiishie 31 Desemba. CMA wakitoa tuzo Februari kabla hamjasaini hesabu, ile tuzo inathibitisha deni lililokuwepo tangu mwaka jana, kwahiyo unarekebisha vitabu vya mwaka jana.

Mama Nuru
Na mimi nina kesi na TRA, nimeweka pingamizi la VAT wakanilipisha theluthi moja ya kodi waliyonikadiria kabla ya kusikilizwa, je hiyo theluthi niiandike matumizi? Maana naona mada ni hiihii

Mkaguzi_Mkongwe
Mama Nuru sio hiihii lakini inakaribiana. Ile ni amana, ukishinda inarudi na ukishindwa inakata deni lako, kwahiyo usiikimbilie kuiita matumizi, ibaki upande wa mali. Swali la kama kodi yenyewe utaidaiwa linapimwa peke yake. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri.

wakili_wa_baraza
Niseme upande wetu maana tunalaumiwa sana. Siri ya mteja ni ya mteja, odita akinipigia simu bila barua ya mteja inayoniruhusu siongei. Na hata nikiruhusiwa, kwenye kesi ya bodaboda sitaandika "tutashindwa", karatasi hiyo ikifika kwa upande wa pili nimemuuza mteja wangu. Ila nikiletewa makadirio ya menejimenti naweza kusema siyaoni kuwa hayana msingi. Bosi wako hofu yake ina ukweli ndani yake.

Mkaguzi_Mkongwe
Nakubali wakili. Ndio maana IAS 37 inaruhusu, kwa nadra sana, kutotoa maelezo yatakayowaumiza vibaya kwenye mgogoro, mnaeleza aina ya kesi kwa ujumla na kwanini hamjasema zaidi. Lakini provisheni yenyewe haifichwi.

Halafu wewe Msamvu hiyo ya matairi angalia, 41 tayari ipo kwa wadai wenu, kinachobishaniwa ni 23 tu. Usiingize 64 mara ya pili. Na ya bodaboda je, bima walishajibu?

Mhasibu_Msamvu
Bima wamepokea taarifa, hawajakubali kwa maandishi. Mimi nilitaka niseme bima watalipa kwahiyo sisi ni sifuri.

Mkaguzi_Mkongwe
Hapana. Deni lenu kwa familia unalipima peke yake kwanza. Kama ni la kuingizwa unaliingiza lote, halafu ya bima unaiandika kama mali pembeni pale tu ikiwa karibu na uhakika kwamba watalipa. Bima anayesema "tumepokea" hajafika hapo.

Swali moja. Umefungua ledja ya ada za kisheria mwaka mzima? Odita lazima aipitie, pamoja na mihtasari ya vikao vya bodi.

Mhasibu_Msamvu
Nimerudi wakuu. Nimeifungua sasa hivi, kuna invoisi ya Septemba, laki 6, "ushauri kuhusu notisi ya madai, jirani wa yadi". Kumbe jirani alileta notisi kwamba oili yetu imeharibu kisima chake, anadai fidia, hajafungua kesi. Mimi sikuambiwa. Bosi amekubali barua mpya ya kesi tatu lakini hii anasema sio kesi, isiandikwe.

wakili_wa_baraza
Barua inauliza kesi NA madai. Ukiiacha na mimi nikiulizwa kama orodha imekamilika nitasema haijakamilika. Siwezi kusaini vingine.

Kamanda_wa_Ledja
Ila kama jirani hajataja kiasi unakadiria nini sasa?

Mkaguzi_Mkongwe
Kiasi kisipokadirika inaelezwa hivyohivyo kwa maneno, na hali hiyo ni nadra. Kwanza mleteni mtu apime yale maji, bila hilo hata mimi siwezi kukwambia inaangukia wapi. Bosi mwambie amuulize wakili wake kabla barua haijatoka, sio baada.

Mhasibu_Msamvu
Sawa, Jumatatu naingia naye ofisini na ile invoisi mkononi. Nitawaletea majibu.